Skrubu kwenye plastiki, inseti ya shaba au nati: kipi kiende wapi kwenye kasha la bodi

Kasha lililochapwa kwa printa ya 3D huanza kuharibika pale linapofungwa. Kuta zinabaki nzima, lakini tundu la skrubu linazunguka tupu, au nguzo inayopokea skrubu inakatika shinani siku fundi anapokaza waya. Njia za kufunga zilizozoeleka ni tatu: skrubu inayojichongea meno ndani ya plastiki, inseti ya shaba inayozamishwa kwa moto, na nati iliyofichwa mfukoni. Swali la ipi ni bora halina jibu kwa kasha zima. Lina jibu kwa kila nguzo, na katika kasha moja mara nyingi nguzo mbili hupata majibu mawili.

Tuchukue kasha moja tulitengeneze hadi mwisho. Ni la kipimaji cha betri ya sola ya volti 12, cha kutundikwa ukutani chini ya paa la mabati katika duka la kuchajia simu, tuseme Mbale au Gulu. Ndani kuna bodi ya matundu ya 70 kwa 50 yenye ESP32, fyuzi, na viungo vya waya vinavyokazwa kwa bisibisi. Bodi ikishafungwa haitolewi, isipokuwa imeungua. Kifuniko ndicho kinachofunguliwa mara kwa mara, kwa sababu fyuzi na waya ziko ndani. Vipimo vyote hapa chini ni milimita.

Ukuta kwanza, nguzo baadaye

Unene wa ukuta na unene wa nguzo ni jambo moja, kwa sababu vyote viwili hujengwa kwa mistari ile ile ya plastiki. Kwa nozeli ya 0.4 na tabaka la 0.2, PrusaSlicer, slaisa yaani programu inayokata mchoro kuwa matabaka ya kuchapa, huchora mstari wenye upana wa 0.45, na mistari inapolala kando kwa kando hupandana kidogo. Kwa hiyo mistari miwili haitoi 0.90 bali 0.86. Minne hutoa 1.67, na mitano 2.08. Hivyo ndivyo vipimo vya kuchorea. Ukichora ukuta wa 1.5, slaisa italazimika kunyoosha au kubana mistari, au kujaza ufa wa katikati kwa vipande vyembamba visivyoshika vizuri. Slaisa za sasa hubadilisha upana wa mstari zenyewe na kuficha tatizo hilo kwa kiasi, lakini ufa unaouona kwenye picha ya tabaka kabla ya kuchapa utauona pia kwenye kasha.

Kwa kasha la ukubwa huu, ukuta wa 2.1 unatosha. Wa 1.2 hupinda ukibonyezwa kwa kidole, na kifuniko hakikai sawa. Wa 4 haukupi chochote ila saa za kuchapa na filamenti iliyoliwa.

Hapa kuna kanuni moja ya kuachana nayo. Miongozo mingi ya kuchora makasha inasema unene wa ganda la nguzo usizidi asilimia 60 hivi ya unene wa ukuta, na nguzo isigusane na ukuta. Kanuni hiyo ni ya plastiki inayomiminwa kwenye kalibu, ambako sehemu nene hupoa kwa kuchelewa na kuacha shimo dogo usoni mwa kasha. Printa ya filamenti haina tatizo hilo. Kwake mambo ni kinyume: nguzo nyembamba iliyosimama peke yake ndiyo inayokatika, na iliyoungana na ukuta ndiyo inayodumu. Cha kuepuka ni nafasi finyu kati ya nguzo na ukuta, chini ya milimita moja hivi. Nozeli haiwezi kuijaza wala kuiacha wazi vizuri, na hapo ndipo nyuzi za plastiki hujikusanya. Ama ziunganishe kabisa, ama zitenganishe kwa 2 au zaidi.

Skrubu moja kwa moja kwenye plastiki

Hii ndiyo njia ya haraka kuliko zote, na watu huidharau kuliko inavyostahili. Unachora tundu dogo kuliko skrubu, skrubu inajikatia njia. Kwa skrubu ya M3 tundu la kuchora ni 2.5 hadi 2.6, na kwa M2 ni 1.7. Kumbuka kwamba tundu lililochapwa hutoka dogo kuliko lililochorwa, mara nyingi kwa 0.1 hadi 0.3, kwa sababu plastiki husinyaa ikielekea katikati ya duara. Skrubu izame angalau mara mbili ya kipenyo chake: 4 kwa M2, 6 kwa M3.

Aina ya skrubu ina uzito kuliko kipenyo. Skrubu ya M3 ya mashine ina meno mafupi yanayokaribiana, kila moja umbali wa 0.5 tu kutoka kwa jirani yake, na plastiki inayobaki kati yake ni kidogo mno. Skrubu ya plastiki, ile yenye ncha na meno marefu yaliyoachana, hushika zaidi sana kwenye tundu la aina hiyo hiyo. Zimejaa kwenye redio, rimoti na printa za karatasi zilizokufa, kwa hiyo fundi wa vifaa chakavu huwa nazo gudulia zima. Usichanganye tu na skrubu za kompyuta ya mezani: nyingi zinazofunga kasha na diski kubwa si M3 bali ni za inchi, zenye kipenyo cha 3.5, na zikilazimishwa kwenye tundu la M3 huipasua nguzo.

Njia hii hufa kwa namna tatu. Ya kwanza ni meno ya plastiki kunyolewa, na dalili yake ni skrubu inayozunguka bila kukaza huku unga wa plastiki ukitoka nayo. Mara nyingi sababu si nguvu ya mkono. Ni kwamba kila skrubu iliporudishwa ilikata njia mpya juu ya ile ya zamani. Dawa ni ya sekunde mbili: iweke skrubu, izungushe kinyume hadi usikie imedondoka kidogo kwenye njia yake, kisha ndipo ukaze. Ukifanya hivyo tundu linastahimili kufunguliwa mara nyingi. Usipofanya, mara chache zinatosha kulimaliza.

Ya pili ni nguzo kukatika shinani, ambako tabaka lake la kwanza limekaa juu ya sakafu ya kasha. Matabaka hushikana kwa udhaifu kuliko plastiki yenyewe ilivyo, na nguvu ya kuzungusha bisibisi yote huishia pale. Weka mbavu, au mzunguko wa mshazari wa 1 hadi 1.5 shinani. Ya tatu ni kupasuka kwa urefu, na hii hutokea hasa nguzo ikichapwa imelala. Nguzo iliyosimama ina mistari inayoizunguka kama pete za pipa, na mistari hiyo huzuia skrubu isiitanue. Iliyolala ina matabaka yanayopita katikati ya tundu, na skrubu hufanya kazi ya kabari.

Inseti ya shaba

Inseti ni kipande kifupi cha shaba chenye meno ya M3 ndani na mikwaruzo nje. Unakipasha moto kwa chuma cha kulehemia, kinazama kwenye tundu, plastiki inaingia kwenye mikwaruzo na kuganda. Baada ya hapo skrubu inafungua na kufunga chuma kwa chuma, na kasha linaweza kufunguliwa kila wiki bila kuchoka.

Gharama yake ni mambo matatu: inseti zenyewe, ambazo si kila duka la vifaa linazo na mara nyingi huagizwa kwa pakiti, chuma cha kulehemia chenye kurekebishika joto, na unene wa nguzo. La mwisho ndilo linaloamua mchoro. Inseti ya M3 iliyozoeleka ina kipenyo cha nje cha 4.6 na huhitaji tundu la 4.0. Zungusha mistari minne ya ukuta kila upande, yaani 1.67 mara mbili, na nguzo inafika 7.34. Chora 7.4. Kuna inseti nyingine za M3 zenye kipenyo cha 4.2 na nyingine za 5.0, na pakiti nyingi hazisemi tundu la kuchora. Chukua kalipa upime pande mbili za inseti: upande mwembamba unapaswa kuingia tundu kwa urahisi, na mikwaruzo iwe pana kuliko tundu kwa 0.5 hivi.

Kabla ya kuchapa kasha la saa sita, chapa kipande cha majaribio chenye matundu matano: 3.8, 3.9, 4.0, 4.1 na 4.2, kwa filamenti ile ile na mistari ile ile ya ukuta. Zamisha inseti moja katika kila tundu. Tundu dogo mno litakutolea pete ya plastiki iliyovimba juu. Kubwa mno, inseti itaingia kwa ulaini na kuzunguka ukiikaza. Lililo sawa huacha uso safi na inseti isiyotikisika. Inseti tano zilizopotea hapo ni nafuu kuliko kasha zima.

Kosa linalowapata wengi haliko kwenye tundu, liko kwenye slaisa. Ukiacha mistari miwili ya ukuta, nguzo ya 7.4 iliyoungana na ukuta, kwa upande wa ukutani, ni ganda la 0.86 kulizunguka tundu, kisha wavu mtupu wa kujazia. Inseti ya moto inatoboa ganda hilo, plastiki inakimbilia kwenye uwazi wa wavu, na mikwaruzo inabaki imeshika hewa. Kwa nje kazi inaonekana nzuri. Ukikaza, inseti inazunguka. Weka mistari minne ya ukuta kwa kasha zima, au ongeza kwenye nguzo tu kama slaisa yako inaruhusu.

Nati mfukoni

Nati ya M3 ina 5.5 kutoka uso hadi uso na unene wa 2.4. Mfuko wake huchorwa 5.7 kwa 2.7, na nati husukumwa kutoka ubavuni mwa nguzo hadi tundu lake likutane na tundu la skrubu. Hakuna moto, nati zinapatikana popote panapouzwa bolti ndogo, na meno ni ya chuma.

Lakini pima nafasi. Mfuko wa 5.7 na ukuta wa 1.67 kila upande unataka nguzo ya 9 kwa 9. Mfuko huo ukiingia kutoka ubavu mmoja na kuacha ukuta wa nyuma, urefu wake ni 7.3 hivi, kwa hiyo umekula milimita za mraba 42 kati ya 81 za nguzo. Zaidi ya nusu ya nguzo imekatwa pale pale skrubu inapovuta. Ndiyo maana nguzo ya nati iliyosimama peke yake hukatika kwenye mfuko, na iliyoungana na ukuta huvumilia. Acha angalau 3 za plastiki juu ya mfuko. Dari ya mfuko huchapwa hewani bila kitu chini yake, kwa hiyo hulegea kidogo, hizo 0.3 za ziada kwenye unene wa mfuko ni za kulipia ulegevu huo. Nati ikikataa kuingia, kwangua dari kwa kisu badala ya kuipiga nyundo.

Nati hushinda njia zote mbili sehemu moja: pale skrubu inapobeba mzigo wa kweli, kama bamba la kutundikia kasha zito au kishikio cha paneli. Hapo ichore iingie kutoka upande wa pili, ili skrubu ikivuta iikandamize nati kwenye plastiki nzima badala ya kuivuta itoke.

Kwa ufupi wa mezani

| | Skrubu kwenye plastiki | Inseti ya shaba | Nati mfukoni |
|---|---|---|---|
| Tundu au mfuko kwa M3 | 2.5–2.6 | 4.0 kwa inseti ya 4.6 | 5.7 kwa 2.7 |
| Nguzo ndogo inayofaa | 6 | 7.4 | 9 kwa 9 |
| Kufunguliwa | mara chache, kwa uangalifu | mara nyingi | mara nyingi |
| Kinachohitajika zaidi | skrubu sahihi | chuma cha joto linalorekebishika | nafasi |
| Inavyoharibika | meno kunyolewa | inseti kuzunguka au kung'oka | nguzo kukatika kwenye mfuko |

Nguzo za bodi: plastiki tupu

Turudi kwenye kasha. Ukiwa na pakiti ya inseti mezani, mkono unavutika kuziweka kila mahali, hata chini ya bodi. Hapa zinadhuru. Tuseme matundu ya bodi yetu yako 2 kutoka kila ukingo, yaani 66 kwa 46 kati kwa kati, na yanapitisha M2. Inseti ya M2 ya kipenyo cha 3.6 inataka tundu la 3.2 na nguzo ya 6.5. Nguzo pana namna hiyo chini ya bodi ya matundu inakanyaga sehemu zilizolehemiwa za mistari ya kwanza, bodi inakaa imeinama, na mbaya zaidi ule mdomo wa shaba unagusa vidoa viwili vya risasi na kuviunganisha. Hitilafu hiyo inasumbua kuitafuta, kwa sababu bodi ikitolewa nje ya kasha inafanya kazi vizuri kabisa.

Nguzo ya plastiki yenye tundu la 1.7 na mistari minne kila upande ni 5.04. Chora 5. Haina chuma cha kugusa chochote, na bodi haifunguliwi mara nyingi kiasi cha kunyoa meno. Kimo cha 5 kinatosha kuacha miguu ya vifaa na risasi chini ya bodi. Skrubu ya M2 yenye urefu wa 6 hupita bodi ya 1.6 na kuzama 4.4 ndani ya nguzo, zaidi kidogo ya mara mbili ya kipenyo chake, na tundu lenye kina cha 5 linaipokea bila ncha kugonga sakafu.

Upande wenye viungo vya waya unahitaji kitu kimoja zaidi. Fundi akikaza waya, bisibisi inasukuma bodi chini kwa nguvu, na bodi hujipinda kati ya nguzo mbili. Weka ukuta mfupi wa 2.1 wenye kimo cha 5 chini ya ukingo huo, mahali pasipo na risasi. Mzigo unahama kutoka kwenye skrubu na kwenda sakafuni.

Nguzo za kifuniko: inseti

Kifuniko kinafunguliwa kila fyuzi inapokatika, kwa hiyo pembe nne zinapata inseti za M3 zenye urefu wa 5. Nguzo za pembeni ziunganishwe na kuta: kitovu cha kila nguzo kiwe 3.2 kutoka uso wa ndani wa kuta zote mbili, ili nguzo ya 7.4 ipandane na ukuta kwa 0.5, na uwazi mdogo unaobaki konani ujazwe. Kutoka ukingo wa tundu hadi uso wa nje unabaki unene wa zaidi ya 3, kwa hiyo joto halitavimbisha kasha kwa nje.

Kila nguzo inaingia ndani kwa 6.9. Bodi ya 70 ikae kati ya nguzo hizo kwa nafasi ya 0.6 kila upande, na urefu wa ndani unakuwa 70 + 2 × 7.5 = 85. Usione uchungu wa hizo 7.5 kila mwisho, ndipo waya zinapopinda. Upana wa ndani uwe 54. Kwa kuta za 2.08 kasha la nje linatoka 89.2 kwa 58.2. Kimo cha ndani cha 30 kinatosha ESP32 iliyochomekwa juu ya soketi zake.

Kina cha tundu ndicho watu hukosea hapa. Inseti ni 5, lakini plastiki inayosukumwa hushuka chini yake, na skrubu nayo hupita. Kifuniko kikiwa na unene wa 2.4, skrubu ya M3 ya 10 inazama 7.6. Tundu la 7.5, hata kabla ya kuhesabu plastiki iliyoshuka, limeshaziba. Skrubu inagonga chini, fundi anadhani bado haijakaza, anaendelea kuzungusha, na meno yanaivuta inseti juu hadi ing'oke. Chora kina cha 10. Nguzo ina kimo cha 30, huna cha kupoteza.

Tundu la kifuniko liwe 3.4, lisiwe 5. Likiwa dogo kuliko inseti, kifuniko hukaa juu ya shaba na kuizuia isipande. Likiwa pana, kila mzungusho unaivuta inseti kuelekea kwenye uwazi. Kwa sababu hiyo hiyo uso wa inseti uwe sawa na uso wa nguzo, au uchungulie unywele mmoja. Inseti iliyozama nusu milimita chini ni inseti inayosubiri kung'olewa.

Kwa OpenSCAD nguzo zote mbili ni kipande kimoja cha msimbo:

```
$fn = 64;
module nguzo(kimo, nje, tundu, kina) {
  difference() {
    cylinder(d = nje, h = kimo);
    translate([0, 0, kimo - kina])
      cylinder(d = tundu, h = kina + 0.1);
    translate([0, 0, kimo - 0.5])
      cylinder(d1 = tundu, d2 = tundu + 0.8, h = 0.51);
  }
}
nguzo(30, 7.4, 4.0, 10);                // kifuniko
translate([20, 0, 0])
  nguzo(5, 5.0, 1.7, 5);                // bodi
```

Mstari wa kwanza si urembo. Duara la OpenSCAD ni pembe nyingi zilizochorwa ndani ya duara halisi, na kwa `$fn = 16` tundu la 4.0 lina 3.92 tu kati ya nyuso zake. Kwa 64 tofauti hiyo haipimiki kwa kalipa.

Kuzamisha bila kuharibu

Kasha hili lichapwe kwa filamenti ya PETG, si PLA. PLA huanza kulegea karibu na nyuzi 60 za Selsiasi, na chini ya bati la mchana, ndani ya kasha lenye umeme, hakuna nafasi kubwa kati ya joto la kawaida na hilo. Hata kabla ya kulegea wazi, PLA iliyobanwa na skrubu husogea polepole, na kifuniko kilichokazwa Jumatatu kinachezacheza baada ya miezi. PETG hufika karibu nyuzi 80.

Weka chuma kwenye nyuzi 240 hadi 250 kwa PETG, 220 hivi kwa PLA. Vile vya bei rahisi visivyo na kirekebishi hupita nyuzi 350, plastiki inakuwa maji na moshi, na inseti inazama ikiwa imelala upande. Chenye kirekebishi mpinini kinatosha, hakuna haja ya stesheni. Ncha iwe safi, isiyo na risasi, kwani risasi ikiingia kwenye meno ya shaba inseti hiyo umeipoteza. Fungua dirisha.

Simamisha inseti, upande mwembamba ukiwa chini. Gusisha ncha na uache uzito wa chuma ufanye kazi. Ukisukuma, unasukuma plastiki ambayo bado haijayeyuka. Baada ya sekunde chache itaanza kushuka yenyewe. Ikibaki kama milimita moja juu, ondoa chuma wima, na papo hapo ubonyeze inseti kwa kipande bapa cha chuma baridi hadi iwe sawa na uso wa nguzo. Shikilia kwa sekunde kumi hivi. Kipande hicho kinafanya kazi tatu kwa pamoja: kinaisawazisha inseti, kinaipoza, na kuirudisha wima ikiwa ilianza kuinama. Umeme ukikatika katikati ya kazi, toa ncha mara moja. Ikipoa ndani ya inseti itashikamana, na utaing'oa inseti pamoja na plastiki yake.

Ikishapoa kabisa, ingiza skrubu kwa vidole. Ikiingia wima na kuzunguka kwa ulaini, imekaa. Ikigoma baada ya mizunguko miwili, kuna plastiki kwenye meno; ingiza skrubu na kuitoa mara kadhaa kuisafisha, usiilazimishe kwa bisibisi. Kisha kaza kwenye kipande cha plastiki chenye tundu la 3.4 na utazame inseti. Ikizunguka, ni tundu kubwa au mistari michache ya ukuta, na kuipasha tena hakutasaidia. Itoe kwa moto, na ikiwa nguzo ina nafasi, zamisha ile ya 5.0 baada ya kupanua tundu hadi 4.4.

Tahadhari moja kwa watakaonakili kasha hili kwa kifaa cha volti 240. Skrubu ya kifuniko inaguswa kwa nje na inseti iko ndani, kwa hiyo waya wenye umeme uliochomoka ukigusa shaba umefika kwenye kidole cha mtu. Nguzo isiyotoboka inaifunika inseti pande zote isipokuwa juu, na hilo linasaidia. Hata hivyo, tumia skrubu za nailoni pembeni, au tenga chumba cha umeme mkubwa kwa ukuta mzima wa 2.1 kutoka sakafuni hadi kifunikoni.